Ilani ya mkutano mkuu: akidi ikikosekana, pesa za chama hukwama

Mara kwa mara viongozi wa chama huja kwetu na barua ya kutaka kubadilisha watia sahihi wa akaunti ya kikundi. Mweka hazina wa zamani amehamia Maskati, au amefariki, au wamekosana naye, na laini yake ndiyo moja kati ya tatu zinazoidhinisha pesa kutoka. Barua ina muhuri, nakala za vitambulisho zipo, sahihi zipo. Kisha tunafungua kumbukumbu za mkutano na kusoma: waliohudhuria ni 19. Tunafungua katiba ya chama: akidi ni nusu ya wanachama. Daftari lina majina 62.

Hapo hatuna la kufanya ila kuwaomba wakaitishe mkutano upya. Kwa muda wote huo michango inaingia akauntini kama kawaida, lakini hakuna wa kuitoa. Mwenye msiba anangoja, mwenye zamu ya kupokea anangoja, na lawama zinamwendea katibu. Tukichimba chanzo, mara nyingi hatukuti wizi wala ujeuri. Tunakuta ilani ya mkutano iliyoandikwa harakaharaka: "Jumapili tukutane saa 4, ni muhimu, msikose."

Basi leo tuiandike ilani moja pamoja, taratibu. Mfano wetu ni wa kubuni, lakini mazingira yake utayajua: chama cha kusaidiana cha watu wa Mji wa Kale, wengi wao wakaazi wa Kibokoni na Kuze, wachache wana meza pale Marikiti, na wengine walishahamia Likoni na Kisauni lakini michango yao bado inakuja.

Anza na katiba, si na tarehe

Akidi ni idadi ndogo kabisa ya wanachama wanaotakiwa kuwapo ili mkutano uwe na nguvu ya kuamua. Pungufu ya hapo, mtakunywa chai na kuzungumza, lakini mtakachopitisha hakitamfunga mtu. Hakuna akidi moja ya vikundi vyote. Bunge la Taifa lina wabunge zaidi ya 300, lakini Kifungu cha 121 cha Katiba ya Kenya kinaridhika na wabunge 50 tu. Kwa Seneti ni 15. Chama chenu kinaweza kuwa kimejiwekea masharti makali kuliko Bunge, na vyama vingi vya mtaani vimefanya hivyo: nusu, wakati mwingine theluthi mbili. Kwa hivyo usiulize "kwa kawaida huwa wangapi". Fungua katiba yenu, ile iliyopelekwa kusajiliwa, si ile rasimu iliyobaki kwenye simu ya mtu.

Ukishapata sehemu hiyo, kuna swali la pili ambalo ndilo linalozua ugomvi: nusu ya nani?

Katiba ya chama chetu cha mfano inasema "nusu ya wanachama hai", na inaeleza kwamba mwanachama hai ni yule ambaye hajachelewesha ada kwa zaidi ya miezi mitatu. (Neno "hai" hapa halina maana ya kupumua, ingawa tumewahi kuona daftari linalohesabu marehemu.) Katibu anachukua majina 62. Wawili wamefariki, mmoja alijitoa kwa barua. Wanabaki 59. Kisha anaomba taarifa ya akaunti ya miezi sita na kulinganisha jina kwa jina. Watano wamepitisha miezi mitatu bila kulipa. Wanabaki 54, na nusu yake ni 27.

Angalia jinsi maneno machache yanavyobadilisha hesabu. Katiba ingesema "zaidi ya nusu", wangehitajika 28. Ingesema "theluthi mbili", wangehitajika 36. Ingesema "wanachama waliosajiliwa" bila kutaja ada, nusu ingehesabiwa kwa 59, nayo ni 29 na nusu, yaani watu 30. Nusu mtu hayupo, na ukimpunguza utakuwa chini ya akidi, kwa hivyo hesabu hupandishwa juu kila mara.

Kuna mtego mwingine. Wale watano wanaodaiwa wakipata ilani, huenda wawili wakalipa siku mbili kabla ya mkutano. Sasa wanachama hai ni 56 na akidi ni 28. Katiba nzuri hutaja siku ambayo daftari hufungwa. Kama yenu haisemi, ushauri wetu ni kulenga idadi kubwa: mkiwa 30 ukumbini, hakuna hesabu kati ya hizi itakayowaangusha, isipokuwa ile ya theluthi mbili.

Siku za ilani

Chama cha ushirika, yaani sako, kimewekewa na sheria ilani ya maandishi ya siku zisizopungua 15 kwa mkutano mkuu. Vyama vilivyosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108, vinalazimika kufanya mkutano mkuu angalau mara moja kwa mwaka, wanachama wote waalikwe na hesabu za pesa zisomwe. Siku za ilani kwa vyama hivyo zimo ndani ya katiba zao. Nyingi zina siku 21 kwa mkutano wa mwaka na siku chache zaidi kwa mkutano maalum. Chama chetu cha mfano kimeandika siku 14 kwa mkutano maalum.

Siku 14 zihesabiwe vipi? Njia isiyo na ubishi ni kuacha nje siku ya kutuma na siku ya mkutano yenyewe. Mkutano ukiwa Jumapili tarehe 15 Novemba, siku 14 kamili zilizo katikati ni kuanzia tarehe 1 hadi 14. Ilani lazima iwe imetoka Jumamosi tarehe 31 Oktoba kwa kuchelewa kabisa. Ikitumwa asubuhi ya tarehe 1, zimebaki siku 13, na mwanachama aliyeshindwa kwenye kura ana sababu ya kuupinga mkutano wote. Katibu wetu anaituma Ijumaa tarehe 30, ili awe na siku moja ya akiba.

Saa nayo ina shida yake, hasa kwetu pwani. Simu inasema 4:00 na ulimi unasema saa kumi. Ukiandika "saa 4", wapo watakaofika saa nne asubuhi wakute mlango umefungwa, na wapo watakaofika alasiri. Andika yote mawili: saa kumi alasiri (16:00). Na ukichagua saa hiyo, jua una kama saa mbili tu. Mwezi wa Novemba adhana ya magharibi Mombasa husikika baada ya saa kumi na mbili kwa dakika chache, na baada ya adhana hiyo ukumbi hautakuwa na watu uliokuwa nao. Tutalirudia hili.

Ilani yenyewe

Hii hapa, kama katibu angeituma kwa ujumbe na kubandika nakala kwenye ubao wa ukumbi:

ILANI YA MKUTANO MKUU MAALUM

Kwa wanachama wote. Kutoka kwa Katibu, kwa idhini ya Kamati. Tarehe ya ilani: Ijumaa, 30 Oktoba 2026.

Assalamu alaikum na salamu kwenu nyote. Mnaarifiwa kwamba Mkutano Mkuu Maalum wa chama utafanyika Jumapili, 15 Novemba 2026, saa kumi kamili alasiri (16:00), katika ukumbi wa madrasa, Kibokoni, ghorofa ya chini.

Ajenda: (1) Kuthibitisha akidi. (2) Kumchagua mweka hazina mpya kujaza nafasi iliyo wazi. (3) Kuazimia kumwondoa mweka hazina wa zamani na kumwingiza mpya kama mtia sahihi wa akaunti ya chama ya pesa za simu. (4) Taarifa ya akaunti, Mei hadi Oktoba 2026.

Akidi: kwa mujibu wa kifungu cha 9 cha katiba yetu, akidi ni nusu ya wanachama hai. Wanachama hai ni 54, hivyo wanatakiwa wasiopungua 27 ukumbini. Akidi isipotimia hadi saa kumi na nusu (16:30), mkutano utaahirishwa hadi Jumapili, 22 Novemba 2026, saa na mahali pale pale, kwa ajenda hii hii, na wanachama watakaokuwapo siku hiyo ndio watakaokuwa akidi, kama kifungu cha 9(c) kinavyosema.

Kuthibitisha: tafadhali jibu ujumbe huu kabla ya Jumapili, 8 Novemba, kwa kuandika NAKUJA au SIJI pamoja na namba yako ya uanachama. Mfano: NAKUJA 017. Kuthibitisha hakuna malipo. Asiye na simu amwone Katibu au mjumbe wa mtaa wake.

Njoo na kitambulisho. Katibu (jina, sahihi).

Mwisho wa ilani. Namba ya kifungu mtaweka yenu, bila shaka.

Tazama ajenda ya tatu. Imetaja nani anatoka, nani anaingia, na wapi. Viongozi wengi huandika "uchaguzi na mengineyo", kisha mabadiliko ya watia sahihi yanapitishwa ndani ya "mengineyo" wakati nusu ya watu wameshatafuta viatu. Mwanachama aliyebaki nyumbani akidhani ni mambo madogo ana haki ya kusema hakujulishwa. Jambo linalogusa pesa za wote liandikwe kwa jina lake. "Mengineyo" ni ya rangi ya sare na siku ya safari.

Kile kifungu cha kuahirisha nacho ni cha kuangaliwa kwa makini. Sharti kwamba mkutano wa pili akidi yake ni waliokuwapo, hata wakiwa 12, lina nguvu tu ikiwa limeandikwa katika katiba. Halizaliwi ndani ya ilani. Kama katiba yenu imenyamaza, mkutano wa pili utahitaji akidi ile ile, na huenda jambo la kwanza la kufanya mkitimia siku yoyote ni kuirekebisha katiba.

Kuthibitisha si kuhudhuria

Hapa ndipo tunapoulizwa sana. Chama kimepata majibu 33 ya NAKUJA. Je, akidi imetimia? La. Akidi huhesabiwa kwa watu walio ukumbini. Majibu kwenye simu yanamsaidia katibu kujua mapema kama kuna hatari, na kujua aagize viti na maandazi ya watu wangapi.

Tufuate chama chetu. Jumapili tarehe 8 Novemba, katibu anafunga hesabu: 19 wamesema wanakuja, 6 hawaji, 29 kimya. Angetegemea wale 19 angekuwa ameshindwa. Na akidhani kimya ni kukubali, ndiyo njia ya kufika kwenye ukumbi mtupu. Kwa hivyo anachukua orodha ya wale 29 na kupiga simu, mmoja mmoja, jioni mbili. "Masalkheri mamangu, ni katibu wa chama. Jumapili ijayo baada ya alasiri twakuhitaji Kibokoni, hesabu haijatimia." Kumi na wanne wanasema watakuja. Baadhi hawakuwa wameuona ujumbe kabisa, kwa sababu waliutoa simu kwa mjukuu. Sasa ana 33 kwa akidi ya 27, yaani nafasi ya watu sita kukwama njiani. Sisi tungetaka zaidi, maana wanaovuka feri kutoka Likoni Jumapili alasiri hawana mamlaka juu ya foleni.

Vyama vingine huomba uthibitisho kwa pesa: tuma shilingi 50 ya chai kwenye akaunti ya chama, na kwenye namba ya akaunti andika namba yako ya uanachama. Ina faida. Taarifa ya akaunti inakuwa orodha yenye tarehe na saa, na aliyelipia chai mara nyingi huja kuinywa. Lakini ikifanywa hivyo, ilani iseme wazi kwamba asiyetuma ana haki kamili ya kuingia na kupiga kura. Mkimzuia mtu mlangoni kwa ajili ya shilingi 50 ambazo katiba haizijui, mmempa sababu ya kuubatilisha mkutano.

Na pesa zikitajwa ndani ya ilani, walaghai nao hufika. Ilani husambazwa kutoka kundi hadi kundi, na si kazi kubwa mtu kuinakili, kubakisha maneno yote, na kubadilisha namba moja tu ya kulipia. Dalili yake huwa moja: namba si ile mnayochangia kila mwezi, au imegeuka namba ya mtu binafsi, "kwa sababu akaunti ya chama ina tatizo". Kabla ya kuweka namba yako ya siri, soma jina linalotokea kwenye skrini. Likiwa si jina la chama, ghairi na umpigie katibu kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyomo kwenye ujumbe. Na hakuna mkutano unaothibitishwa kwa kutaja namba ya siri wala kwa kusoma namba ya uhakiki iliyoingia kwenye simu yako, hata mwulizaji akijiita mfanyakazi wetu.

Siku yenyewe

Saa kumi kamili wamo 24. Mwenyekiti hafungui. Anasema idadi kwa sauti na kungoja, kama katiba inavyomruhusu. Saa kumi na dakika 25 wanaingia wanne walioshuka feri. Ni 28. Katibu anaandika saa na idadi: "Saa 10:25 alasiri, waliohudhuria 28 kati ya wanachama hai 54, akidi 27 imetimia." Sentensi hiyo moja ndiyo tunayoitafuta sisi tukipokea faili lenu.

Kisha, kwa sababu ya ile adhana tuliyoitaja, mwenyekiti anaanza na uchaguzi na azimio la akaunti. Saa kumi na moja na robo wawili wanaaga, na wamebaki 26. Je, mkutano umevunjika? Inategemea. Zipo katiba zinazotaka akidi wakati wa kufungua tu, na zipo zinazoitaka hadi mwisho. Katika chama chetu cha mfano haikuwa na uzito tena, maana kura ilikuwa imeshapigwa wakiwa 28 na matokeo yameandikwa. Iliyobaki ni kusomewa taarifa ya akaunti, na kusomewa hakuhitaji kura.

Kuhusu ndugu walio Maskati, Dubai au Nairobi wanaoingia kwa simu ya video: mwaka 2020, korona ilipofunga kila kitu, Mahakama Kuu iliyaruhusu makampuni ya soko la hisa kukutana kwa mtandao, na baadaye sheria ya makampuni ikarekebishwa kuruhusu hivyo. Chama chenu si kampuni. Kama katiba haimtambui aliye kwenye skrini, msikilizeni kwa heshima lakini msimhesabu kwenye akidi. Hali ni hiyo hiyo kwa anayetuma mwakilishi.

Mkija kwetu baada ya hapo, leteni nakala ya ilani yenye tarehe, orodha ya mahudhurio yenye majina, namba za vitambulisho na sahihi za waliokuwapo, kumbukumbu zilizotiwa sahihi na mwenyekiti na katibu, na ukurasa wa katiba unaotaja akidi. Mweka hazina mpya aje mwenyewe na kitambulisho na laini iliyosajiliwa kwa jina lake. Laini ya mke, mume au kijana wake haitakubaliwa, na hilo limewarudisha nyumbani wengi waliokuwa na kila karatasi nyingine.

Orodha ya mahudhurio itiwe sahihi mtu anapoingia. Zile zinazozungushwa mwisho, watu wakiwa wamesimama mlangoni, hukosa majina manne au matano, na mkiwa na 28 kwa akidi ya 27, majina hayo ndiyo mkutano wenu.